Espreso ya Saa Moja na Espreso ya Saa Nne

Mteja anaingia saa moja asubuhi, anaagiza espreso, anaimaliza na kusifu. Saa nne anarudi na mwenzake, anaagiza ileile. Barista ni yuleyule, mashine ni ileile, kahawa imetoka kwenye mfuko uleule, lakini safari hii kikombe kinakuja kichachu na chepesi. Mwenzake anakunja uso. Mwenye duka hana la kujibu, maana hakuna mtu aliyegusa chochote.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo: kwamba hakuna aliyegusa chochote. Espreso haikai ilipowekwa. Ukiiweka sawa alfajiri ukaiacha, kufikia saa nne itakuwa imekwenda zake, na kazi ya barista ni kuirudisha bila kupoteza nusu ya mfuko wa kahawa. Mikahawa mikubwa ina visagio vya bei mbaya vinavyojipima vyenyewe. Duka dogo la viti sita lina kisagio cha kawaida, mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na ulimi. Vinatosha, ila lazima vitumike kwa mpangilio.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mashine. Maji yenye joto la nyuzi 93 hivi yanasukumwa na pampu kupita kwenye donge la kahawa laini iliyoshindiliwa ndani ya kikapu cha chuma chenye matundu madogo madogo. Nguvu ya kusukuma ni kama mara tisa ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Zamani nguvu hiyo aliitoa mtu mwenyewe kwa kuvuta mkono wa chuma uliobana springi, kwenye mashine ambazo Achille Gaggia wa Milano alizifanya maarufu baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikaleta E61, iliyotumia pampu ya umeme, na barista akapumzisha bega. Iwe kwa springi au kwa pampu, shoti nzima inaisha ndani ya nusu dakika. Anayechemsha kahawa kwenye dele ana muda wa kutosha, akikosea kidogo hakuna anayejua. Kwenye espreso kosa la sekunde tano mteja anakunywa nalo.

Barista anafuatilia mambo matatu yanayopimika: uzito wa kahawa kavu inayoingia kwenye kikapu, uzito wa kinywaji kinachotoka, na muda uliotumika. Mahali pengi pa kuanzia ni gramu 18 ndani, gramu 36 nje, kwa sekunde 25 hadi 30. Kinywaji kinapimwa kwa uzito, hakipimwi kwa macho, kwa sababu lile povu la rangi ya dhahabu linalokaa juu, krema, linadanganya. Kahawa iliyokaangwa juzi imejaa gesi na inatoa povu refu. Kikombe kinaonekana kimejaa, kumbe nusu yake ni hewa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuvichezea vitu hivi vyote kwa pamoja. Shoti imetoka mbaya, barista anaongeza kahawa kidogo, anasaga laini zaidi, anashindilia kwa nguvu zaidi, halafu anakata mapema. Ikitoka nzuri hajui ni kipi kilichosaidia. Ikitoka mbaya hajui pa kurudi.

Utaratibu unaofanya kazi ni kufunga mawili na kusogeza moja. Uzito wa kahawa kavu unafungwa kwanza, tena hauchaguliwi na barista, unachaguliwa na kikapu. Kikapu kilichotengenezwa kwa gramu 18 kinapokea 17 hadi 19 bila matatizo. Zaidi ya hapo kahawa inagusa wavu wa juu unaonyunyiza maji, na chini ya hapo inabaki na nafasi kubwa, inalowana kama tope. Kama huna maelezo ya kikapu chako, weka kahawa, shindilia, laza sarafu safi juu yake, funga kishikio kwenye mashine bila kuwasha maji, kisha fungua utazame. Sarafu ikiwa imezama kwenye kahawa, umejaza kupita kiasi. Ikiwa imekaa juu juu kama ulivyoiweka, una nafasi. Donge hilo usilitumie tena, limeshavurugika.

Uzito wa kinywaji nao unafungwa: tumekubaliana 36, basi kikombe kinakaa juu ya mizani na shoti inakatwa mizani inapokaribia 36, kwa kuwa matone mawili matatu yatafuata baada ya kuzima. Kinachosogezwa ni usagaji peke yake. Ukisaga laini zaidi, maji yanapita kwa shida na muda unarefuka. Ukisaga kwa chenga kubwa, maji yanateleza kama yanavyopita kwenye kokoto kuliko kwenye mchanga. Kwa hiyo muda haurekebishwi, muda unasomwa. Barista anayekata kila shoti sekunde ya 27 kwa sababu aliambiwa 27 ndiyo sahihi, leo atatoa gramu 30, kesho 45, naye ataapa kwamba hajabadilisha kitu.

Na kwa nini muda ulete ladha tofauti? Njia rahisi ya kuliona hili ni kugawa shoti moja kwenye vikombe vitatu, ukibadilisha kikombe kila baada ya sekunde nane au tisa. Jaribio hili linafaa kufanywa na kila mfanyakazi mpya. Kikombe cha kwanza kinatoka cheusi, kizito kama asali, na ukikionja kinachoma pande za ulimi kwa uchachu na kitu kama chumvi. Cha pili kina rangi ya kahawia, na humo ndimo utamu ulipo. Cha tatu ni cha manjano, chepesi, kichungu, na kinaacha ukakasi unaokausha mdomo. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu kinachonyweka kwa raha. Vichanganye, unapata espreso. Maji huchukua uchachu upesi, utamu unafuata, uchungu unakuja polepole. Shoti iliyokimbia imeacha utamu ndani ya donge. Iliyokawia imeanza kukwangua vitu ambavyo ni bora vingebaki humo.

Maneno mawili hapa yanahitaji kutenganishwa, uchungu na ukakasi, kwa sababu wateja wa pwani waliozoea kahawa chungu na kashata hawaogopi uchungu. Wanaweza hata kuudai. Ukakasi ni jambo jingine: ni ile hali ya ulimi kuwa mkavu kana kwamba umetafuna ndizi mbichi, na hakuna sukari inayoiondoa. Barista akisema tu “ni kali”, hajasema kitu. Uchachu unamtuma asage laini zaidi, uchungu na ukakasi vinamtuma arudishe chenga.

Sasa tuingie dukani. Chukua mkahawa mdogo wa Moshi, mama mwenye duka na kijana wake wa mashine. Wamefungua mfuko mpya wa arabika ya miteremko ya Kilimanjaro, imekaangwa siku tisa zilizopita, rangi ya wastani. Siku tisa ni umri mzuri. Kahawa iliyokaangwa jana bado inapumua gesi nyingi na inatoka kwa vurugu, kila shoti na yake. Kisagio chao kinapima kwa saa: ukibonyeza kitufe kinazunguka kwa sekunde kadhaa kisha kinasimama. Kimewekwa kilivyokuwa kwa kahawa ya jana.

Shoti ya kwanza: gramu 18 ndani, 36 nje, sekunde 19. Kijana anakoroga, anaonja, anamsogezea bosi wake kikombe.

“Mama, hebu onja hii.”

“Inachoma pembeni. Na ni maji maji.”

Dalili zote mbili zinasema kitu kimoja. Kijana anawasha kisagio na, kikiwa kinazunguka, anasogeza ringi alama mbili upande wa laini. Anaisogeza kikiwa kinazunguka kwa sababu meno ya kisagio yakikaribiana huku kuna punje zimekwama katikati, yanabana. Baada ya hapo hatumii kahawa ya kwanza inayotoka. Ndani ya kisagio, kati ya meno na mdomo, kumebaki unga uliosagwa kwa kipimo cha zamani, na ukiuweka kwenye kikapu utakuwa unaonja mchanganyiko wa jana na leo. Anamwaga gramu tano hivi. Inauma, lakini shoti ya uongo inauma zaidi.

Halafu anasaga dozi ya pili na kuiweka kwenye mizani. Inasoma 17.1.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na sitaki tupapite haraka. Kisagio hiki kinahesabu sekunde, hakijui gramu. Meno yakikaribiana, kahawa inapita polepole zaidi, hivyo kwa sekunde zilezile inatoka kahawa pungufu. Kijana akiiamini saa na kuacha mizani, ataweka donge dogo, maji yatalipita upesi, shoti itakimbia tena. Atasema moyoni, “Mbona nimesaga laini na bado?” Atasaga laini tena, dozi itapungua tena, na mzunguko utaendelea mpaka kisagio kizibe. Ameshikilia kamba mbili zinazovutana bila kujua. Dawa ni kupima kila dozi baada ya kila mabadiliko ya usagaji, na kuongeza saa ya kisagio mpaka mizani irudi 18.

Anafanya hivyo. Shoti ya pili: 18 ndani, 36 nje, sekunde 25. Uchachu umepungua, mwili umeongezeka, ila mwishoni bado inakwaruza kidogo. Anasogeza alama mbili nyingine, anamwaga, anapima, anarekebisha saa. Shoti ya tatu inachukua sekunde 34. Matone ya kwanza yanachelewa, yanatoka yamekatika katika. Mama anaonja mara moja na kuweka kikombe chini, mdomo umekauka. Basi jibu limebanwa katikati. Kijana anarudisha alama moja, na shoti ya nne inatoka kwa sekunde 29, ikiwa na utamu wa sukari guru na uchachu wa chungwa ulio mahali pake.

Shoti nne, gramu 72, na kama gramu 15 zilizomwagwa. Kwenye kilo moja, ambayo kwa hesabu ya gramu 18 inatoa shoti 55, wametumia tano kwa thamani. Mwenye duka anayeona hiyo ni hasara na kumkataza barista asubuhi, atailipa baadaye kwa vikombe vinavyorudishwa na kwa wateja ambao hawarudishi kikombe wala hawarudi wenyewe.

Wakishafika hapo, na si kabla, wanaweza kugusa ile namba ya pili waliyoifunga. Usagaji ukiwa sawa lakini espreso bado inaonekana kali na iliyobanwa, kwa usagaji uleule wanaweza kuiacha ifike gramu 40. Inafunguka, uchachu unatulia. Kahawa iliyokaangwa nyeusi inataka kinyume chake, ikatwe kwenye 32 kabla uchungu haujajaa. Kahawa yenye robusta ya Kagera ndani yake pia mara nyingi inapendeza ikikatwa mapema. Inatoa krema nene na uchungu wa haraka. Na kama wateja tisa kati ya kumi wa duka hilo wanakunywa kapuchino, itakuwa ajabu barista aonje espreso tupu peke yake. Shoti inayopendeza ikiwa peke yake inaweza kupotea kwenye maziwa. Aitie maziwa, aonje, ndipo aamue.

Sasa kile kisa cha saa nne. Tangu asubuhi vitu kadhaa vimesogea bila mtu kuvisogeza. Kisagio kimesaga vikombe arobaini na meno yake yamepata moto. Punje kwenye faneli zimepungua, uzito unaozisukuma chini umepungua, na kisagio cha saa kinatoa dozi tofauti. Mji wa pwani kama Tanga au Mombasa unaongeza unyevu, hasa mvua ikikatika na milango ikiachwa wazi. Na kahawa yenyewe inazeeka: siku baada ya siku gesi inatoka, maji yanapita kwa urahisi zaidi, na kipimo cha Jumatatu kinakimbia ikifika Ijumaa. Kwa hiyo mfuko mmoja unasagwa laini kidogo kidogo kadiri unavyokaa. Kujaza faneli hadi juu kwa sababu inapendeza machoni kunaharakisha uzee huo. Afadhali kuweka ya saa mbili, mfuko ukabaki umefungwa.

Siamini katika kukimbizana na kila shoti. Shoti mbili zilizotengenezwa kwa mkono uleule zinaweza kutofautiana sekunde mbili bila sababu ya maana, na barista anayezungusha ringi kila mara anazalisha yumbayumba yeye mwenyewe. Kanuni inayonipendeza ni hii: dozi inapimwa kwa kila kikombe, saa inatazamwa kwa kila kikombe, lakini usagaji hauguswi mpaka shoti mbili zifuatane zikiwa nje ya sekunde tatu za lengo, upande uleule. Hapo anasogeza kidogo, nusu alama, anamwaga, anapima, anaonja. Akibadilishana zamu na mwenzake, anamwachia karatasi yenye dozi, uzito wa kinywaji, muda na alama ya ringi. Kumbukumbu ya kichwani haifiki jioni.

Kuna siku ambazo ringi haitasaidia. Shoti ina sekunde 28 kamili, gramu zote ziko sawa, lakini ukionja inachoma kwa uchachu na kukausha mdomo kwa pamoja. Dalili hizo mbili haziendi pamoja isipokuwa donge limepasuka. Maji yamepata njia nyembamba ya mkato, yakaikamua kahawa ya hapo mpaka ukakasi, na kuiacha ya pembeni karibu kavu. Kwenye kishikio kisicho na midomo, ambacho kikapu chake kinaonekana kwa chini, unaona kwa macho: uzi mwembamba wa manjano unatokeza upande mmoja mapema, wakati mwingine unarusha matone hadi kwenye shati. Sababu karibu kila mara iko mikononi: unga umerundikana upande mmoja, umeshindiliwa ukiwa na mabonge, au kishindilio kimekaa mshazari. Vunja mabonge kwa sindano nyembamba, sawazisha, shindilia wima. Nguvu ya kushindilia haina maajabu yanayosemwa. Ukishabana hewa ikatoka, kuongeza misuli hakubadilishi kitu kikubwa.

Lakini hata mkono mzuri una kikomo usagaji ukizidi kuwa laini. Mwaka 2020 kundi la watafiti, akiwamo mkemia Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon, lilichapisha katika jarida la Matter hesabu na majaribio yao kuhusu jambo hili. Nadharia inasema ukisaga laini zaidi maji yatachukua kahawa zaidi. Wao wakaona kwamba ukivuka kiwango fulani inakuwa kinyume: donge linaziba kwa viraka, maji yanapita pengine na kuacha pengine, na shoti zinakuwa za bahati nasibu. Pendekezo lao lilikuwa kutumia kahawa pungufu iliyosagwa kwa chenga kubwa zaidi, ambayo inatoka haraka lakini inafanana kikombe kwa kikombe. Si kila barista anaipenda ladha inayopatikana hivyo, kwani ni nyepesi. Ila kwa duka dogo lenye kisagio cha wastani, ni hoja ya kujaribu siku shoti zinapogoma kufanana: rudisha chenga alama moja, ongeza kinywaji gramu chache, uone kama uchachu unaodhani unatokana na chenga kubwa haukuwa wa donge lililoziba.

Baada ya hapo wanabaki watuhumiwa wasiohusiana na ringi. Mashine iliyowashwa dakika kumi tu baada ya umeme kurudi bado ina chuma baridi, na chuma baridi kinapoza maji yakawa machachu kwenye kikombe; iachwe nusu saa, kishikio kikiwa kimefungwa mahali pake kipate joto. Wavu wa juu usiosuguliwa jioni unabeba mafuta ya kahawa ya jana, na ladha yake ni ya mafuta yaliyochina, hata usage vipi. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi yanaharibu ladha leo na yanaziba mabomba ya mashine baadaye. Na meno ya kisagio yanaisha. Utajua kwa sababu kila wiki ringi inasogea upande wa laini bila kurudi, unga unatoka na vumbi na chenga kwa pamoja, na shoti iliyo sawa kwa kila namba kwenye karatasi inaonjeka butu. Meno mapya yana bei, na yakishafungwa itabidi kuanza kutafuta upya kutoka alama ya mwanzo, kwa sababu namba za zamani kwenye ringi hazitakuwa na maana tena.